UKURASA WA MAMA: Dalili za Mimba, Dalili za Hedhi, na Siku ya Kupima



Katika barua zilizotufikia, mbili zaulizana neno moja, ijapokuwa waandishi wake hawajuani. Wa kwanza ni mke wa mwalimu, mwenye watoto watatu. Asema kwamba kila mwezi, juma moja kabla ya hedhi, matiti humuuma, tumbo hujaa, naye huwa mwepesi wa kukasirika. Na kila mwezi hujiuliza kama ni mimba au ni hedhi yaja. Wa pili ni mume, naye aandika kwa niaba ya mkewe: walikutana bila kinga, wakanunua kipimo baada ya siku chache, kikaonyesha kwamba hakuna mimba, juma mbili baadaye kipimo cha pili kikaonyesha kwamba ipo. Auliza, je, kipimo cha kwanza kilikuwa kibovu?

Tutawajibu wote wawili pamoja, maana jibu lao latoka katika chemchemi moja. Wale wasiopenda mambo haya kuandikwa waziwazi na watuwie radhi. Mume na mke wanaolala kitanda kimoja hawana sababu ya kutojua yatendekayo ndani ya nyumba yao.

Kwanza tutazame jinsi mwezi wa mwanamke unavyokwenda. Siku ya kwanza ni siku ile damu inapoanza kutoka kwa kweli, si siku ya kuona doa tu. Baada ya siku kadha wa kadha yai moja hupevuka na kutoka katika kifuko chake. Idadi ya siku hizo hutofautiana sana kwa wanawake, na hata kwa mwanamke mmoja mwezi huu na mwezi ujao. Lakini toka yai litoke hata hedhi ijayo, muda hubadilika kidogo tu: kwa wengi ni kama siku 14. Kwa hiyo mwanamke ambaye mzunguko wake ni siku 28 hutoa yai karibu na siku ya 14, na yule wa siku 34 karibu na siku ya 20. Wengi hukosea hapa, kwa kudhani kwamba kila mwanamke hutoa yai siku ya 14.

Yai likiisha kutoka, mahali lilipotoka hubaki kitu kidogo cha rangi ya manjano, nacho hutengeneza homoni iitwayo projesteroni. Kazi yake ni kuutandika mji wa mimba, kama mtu atandikavyo kitanda kabla mgeni hajafika, wala hajui kama mgeni atakuja. Homoni hiyo ndiyo iyafanyayo matiti kuvimba na kuuma, na matumbo kuwa mazito hata mtu akose choo. Ndiyo iletayo uchovu na usingizi wa mchana, na kuongeza joto la mwili kidogo, kama nyuzi 0.3 hadi 0.5. Wengine huwa na huzuni au hasira bila sababu.

Sasa angalieni sana. Mambo hayo yote hutokea kama yai limepata mbegu, na hutokea vilevile kama halikupata. Katika juma la kwanza baada ya yai kutoka, mwili wa mama haujui kama mna mimba au hamna, kwa kuwa yai lililopata mbegu lingali likisafiri, halijashika popote, wala halijatoa habari yoyote. Hulifikia na kujipandikiza katika ukuta wa mji wa mimba baada ya siku 6 hadi 12, na kwa wengi ni siku ya 8, ya 9 au ya 10. Hapo ndipo mimba huanza kutoa homoni yake yenyewe, na homoni hiyo huingia katika damu, kisha katika mkojo. Kabla ya hapo hakuna dalili ya mimba duniani. Zilizopo ni dalili za projesteroni tu.

Basi, mke wa mwalimu aulizaye atofautishe vipi, jibu letu ni hili: kwa kuyaangalia matiti au tumbo kabla ya siku ya hedhi, hawezi. Wala mama mkwe hawezi, wala mkunga mzee aliyezalisha kijiji kizima hawezi. Tofauti haiko katika namna ya dalili, bali katika siku zake.

Mimba isipopatikana, kile kitu cha manjano hunyauka, projesteroni hushuka, na kitanda kilichotandikwa hutolewa. Ndiyo damu ya hedhi. Maumivu ya matiti na uzito wa moyo hupungua damu inapoanza, au siku chache baadaye. Mimba ikiwapo, homoni yake hukizuia kile kitu kisinyauke. Projesteroni haishuki, hedhi haiji, na dalili zilezile ambazo kila mwezi hukoma, mwezi huu hazikomi, bali huzidi. Mwanamke aliyezoea kuandika siku zake katika daftari huona mara moja kwamba jambo limevuka mpaka wake wa kawaida. Asiyeandika hubaki kukisia. Penseli na kalenda ya ukutani zatosha.

Kichefuchefu chafaa kutajwa peke yake, maana watu hukitegemea mno. Kichefuchefu cha mimba kwa kawaida huanza katika juma la tano au la sita, likihesabiwa toka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Yaani, kwa mwenye mzunguko wa siku 28, baada ya hedhi kukosekana, si kabla yake. Basi mwanamke anayetapika siku 5 baada ya kukutana na mumewe, kisha akasema, "Hii ni mimba ya juzi," amekosea hesabu. Na afikirie chakula alichokula, tena afikirie malaria. Katika nchi zetu jambo hili lina hatari yake: homa, uchovu na kutapika hudhaniwa kuwa mimba changa, na mgonjwa hukaa nyumbani akingojea. Lile joto la projesteroni ni dogo, halifiki homa. Mwenye homa na aende zahanati akapimwe damu siku ileile. Naye akieleza kwamba huenda ana mimba, mganga atachagua dawa ifaayo.

Tena yako madoa ya damu. Wanawake wengine huona tone la rangi ya waridi au ya kahawia karibu na siku ya hedhi, nao ni wajawazito. Hedhi kwa kawaida huanza kidogo, ikazidi siku ya pili, ikajaa kitambaa. Doa la namna ile halizidi, huisha kwa siku moja au mbili. Lakini tusiitegemee sana alama hii, kwa kuwa iko miezi ambayo hedhi yenyewe huwa nyepesi. Aliyeona damu kidogo kuliko desturi yake, na alikuwa na sababu ya kushuku, apime kama asiyeona damu kabisa.

Sasa twende kwa kipimo. Kile kijiti kinachouzwa katika maduka ya dawa hakitafuti kitu kingine ila ile homoni inayotolewa na mimba baada ya kujipandikiza. Si jambo la ajabu wala si jipya kabisa. Katika miaka ya 1930 na kuendelea, hospitali za Ulaya na kwingineko zilitumia chura jike wa Afrika Kusini: mkojo wa mwanamke ulitengenezwa na kudungwa chini ya ngozi ya chura, na kama mwanamke alikuwa na mimba, chura alitaga mayai yasipite masaa mengi. Siku hizi chura amepumzishwa, na karatasi yenye dawa imechukua kazi yake.

Homoni hiyo huanza ikiwa kidogo sana, kisha huongezeka maradufu kila siku mbili au tatu hivi. Vijiti vingi huonyesha mstari homoni ifikapo miliuniti 25 katika mililita moja ya mkojo. Kwa hiyo kuna siku ambazo mimba imo, nayo imejipandikiza, lakini kijiti hakiioni, kama vile mbegu iliyoota chini ya udongo haionekani na apitaye njiani. Kipimo cha yule mume hakikuwa kibovu. Kiliulizwa swali kabla ya jibu kuwapo.

Basi siku iliyo bora ni ipi? Kwa mwanamke ambaye hedhi yake huja kwa siku zilizo karibu kulingana, ni siku ya hedhi iliyokosekana au baada yake. Kwa mwanamke asiyejua siku zake, kipimo chake ni siku 21 baada ya kukutana bila kinga mara ya mwisho. Siku ya kukutana haihesabiwi. Kesho yake ndiyo siku ya 1. Hesabu ya 21 haikutoka hewani. Mbegu ya mwanamume yaweza kukaa hai ndani ya mwanamke ikingojea yai hata siku 5. Yai likipata mbegu, laweza kuchukua hata siku 12 kujipandikiza. Hizo ni 17. Ongeza siku chache ili homoni ijae mkojoni, nawe utafika 21. Ndiyo maana ni siku ya mwisho kuhesabiwa, si siku ya kwanza. Mtu akikutana na mumewe tena bila kinga katikati, hesabu huanza upya.

Tuseme mfano, ili jambo lishikike. Mwanamke mmoja hedhi yake huja kati ya siku 28 na siku 34. Hedhi ya mwisho ilianza tarehe 4 Mei. Tarehe 20 Mei yeye na mumewe walikutana, na kondomu ikapasuka. Hedhi yake yatazamiwa kati ya tarehe 1 Juni na tarehe 7 Juni. Tarehe 28 Mei matiti yakaanza kuuma, na tarehe 30 Mei, siku ya 10, akapima: mstari mmoja, hakuna mimba. Akafurahi, akatupa kijiti.

Sasa tuseme kwamba mwezi ule ulikuwa mrefu, wa siku 34. Yai basi lilitoka karibu na tarehe 24 Mei, na mbegu ya tarehe 20 ilikuwa ingali hai, ikalikuta. Tukihesabu siku 9 za safari, mimba ilijipandikiza tarehe 2 Juni. Mnaona wenyewe: siku alipopima, tarehe 30 Mei, mimba ilikuwa haijajipandikiza katika mji wa mimba. Kijiti cha shilingi nyingi au cha shilingi chache, kisingeweza kuona kitu. Wala yale matiti hayakusema neno. Yangaliuma vilevile kama yai lingetoka bure.

Tarehe 3 Juni angepima tena, huenda asingeona kitu. Tarehe 7 Juni hedhi haikuja, nayo ndiyo siku ya mbali kabisa katika desturi yake. Akipima kesho yake asubuhi, yaelekea ataona mstari wa pili, pengine umefifia. Tarehe 10 Juni ni siku ya 21. Hapo homoni imekuwa ikiongezeka kwa siku 8, na kijiti kizuri hakitakosa. Kama safari ya yai ilikuwa ndefu, ikachukua siku 12 badala ya 9, yaani hata tarehe 5 Juni, basi tarehe 10 mstari waweza kuwa hafifu au usionekane bado. Kwa ajili hiyo, asiyeona mimba siku ya 21, na hedhi haijaja, hupima mara ya pili baada ya juma moja, tarehe 17 Juni. Hiyo ikisema hapana, sababu ya hedhi kuchelewa na itafutwe kwingine, zahanati.

Huenda mtu akasema, "Basi kwa nini nisipime kila siku toka siku ya 10, niwe wa kwanza kujua?" Mbali na fedha, iko sababu nyingine. Mimba nyingi changa hushika kwa siku chache tu kisha hutoka zenyewe, na mwanamke huona hedhi iliyochelewa kidogo. Anayepima mapema mno ataona mstari, atawaambia watu, kisha ataomboleza jambo ambalo jirani yake asiyepima hakulijua kabisa. Mimi nadhani kungoja ni kheri.

Namna ya kupima ni rahisi, lakini watu huiharibu. Tumia mkojo wa kwanza wa alfajiri, kwa kuwa umekaa usiku kucha na homoni imekusanyika. Usinywe maji mengi kwanza ili upate mkojo, maana utaizimua. Tazama tarehe ya mwisho iliyoandikwa katika pakiti. Chovya kijiti mpaka pale palipochorwa alama, usizidishe, kisha kilaze mahali palipo sawa, utazame saa. Pakiti itakuambia usome baada ya dakika ngapi, kwa kawaida 3 hadi 5. Mstari wa kwanza ni wa kijiti chenyewe, kuonyesha kwamba chafanya kazi. Usipotokea, kijiti hicho kimeharibika, hata kama mstari mwingine upo. Mstari wa pili, ukiwa na rangi, ni mimba, hata ukiwa umefifia. Lakini usisome baada ya dakika 10: mkojo ukikauka huacha alama ya kijivu isiyo na rangi, na wengi wameshtuka kwa kuokota kijiti jalalani jioni.

Wako wanaopima kwa chumvi, au sukari, au dawa ya meno katika kikombe, wakitazama kama povu litatokea. Povu hutokea kwa mkojo wa mtu yeyote, hata wa mume. Na wanaotia dawa ya kuondolea madoa yenye klorini wanajitafutia madhara, kwani ikichanganyika na mkojo hutoa mvuke uchomao kifua.

Wako akina mama ambao hesabu ya hedhi haiwafai kabisa. Wa kwanza ni anyonyeshaye ambaye hedhi haijarudi. Yai la kwanza hutoka kabla ya hedhi ya kwanza, kwa hiyo yaweza kutokea apate mimba bila kuona damu tangu azae. Naye atumie siku 21. Vivyo hivyo aliyeacha sindano ya uzazi wa mpango, ambaye hedhi yaweza kukawia miezi, na aliyekunywa vidonge vya dharura, ambavyo husogeza hedhi mbele au nyuma. Aliyezaa karibuni, au aliyeharibikiwa na mimba, afahamu jambo lililo kinyume: homoni ya mimba ile hukaa mwilini majuma kadhaa, na kijiti chaweza kuonyesha mimba isiyokuwapo. Huyu na aende kwa mganga badala ya kununua kijiti cha pili.

Liko jambo moja ambalo kijiti hakiwezi kulisema, nalo ni mahali mimba ilipo. Mimba ikijipandikiza katika mrija badala ya mji wa mimba, kijiti huonyesha mistari miwili kama kawaida. Mwanamke mwenye mistari miwili, kisha akapata maumivu makali ya tumbo chini, hasa upande mmoja, au damu, au maumivu katika ncha ya bega, au kizunguzungu cha kuanguka, asingoje asubuhi wala asingoje mume arudi kutoka shuleni. Na achukuliwe hospitali saa ileile, kwa kuwa mrija ukipasuka damu humwagika ndani isionekane nje.

Na mwenye mistari miwili asiye na shida yoyote, na aende kliniki na tarehe mbili zimeandikwa katika karatasi: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na urefu wa mzunguko wake. Asishangae akiambiwa kwamba mimba ni kubwa kuliko anavyojua. Wakunga huhesabu toka hedhi ile, si toka siku ya kukutana. Hivyo yule mama wa mfano wetu, tarehe 10 Juni, ataandikiwa mimba ya majuma 5 na siku 2, ijapokuwa kondomu ilipasuka majuma 3 tu yaliyopita. Waume wengine wamesoma kadi hiyo wakaanza kuwashuku wake zao bure. Urefu wa mzunguko, ule wa siku 34, nao ni lazima aueleze mwenyewe, maana mkunga asipoambiwa atahesabu kama siku 28, na mtoto ataonekana mdogo kuliko umri wake hata mwisho wa miezi.